Maji ya Mwisho ya Mwantum

Ukifika Ihanja ukauliza nyumba ya Sultani Mkhandi, na wewe utaulizwa: Sultani yupi, yule wa mashine ya alizeti? Ndiyo, huyo huyo. Mashine yenyewe ilishauzwa kama chuma chakavu, lakini jina halikuuzwa nayo. Ni mzee mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyeshindana na injini maisha yake yote, kiasi kwamba akikunong'oneza wewe, jirani anaitikia. Mbishi huyo! Alibishana na mafundi, na madereva wa malori, na mvua ikichelewa alibishana nayo pia. Aliyemweza ni mmoja tu, mkewe Mwantum, na hii ni habari ya siku Mwantum alipomwachia ubishi wote peke yake.

Mwantum alifariki alfajiri, adhana ikisikika msikitini. Kiharusi kilikuwa kimemlaza miaka miwili, na usiku ule pumzi ilipoanza kukatika Sultani alikaa pembeni ya kitanda akimtamkia shahada sikioni, polepole, bila kumsumbua. Pumzi ilipokoma alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha akafanya alichowaona wazee wakifanya. Akamfumba macho. Akachana ukanda kwenye kanga kuukuu, akamfunga kidevu kuzunguka kichwa ili kinywa kisibaki wazi. Akamkunja mikono na miguu taratibu na kuinyoosha tena, viungo visije vikakakamaa vibaya, akamvua nguo za kulalia huku amemsitiri na shuka, kisha akakielekeza kitanda kaskazini, kibla. Ndipo akamwita binti yake Mwanaidi, aliyekuwa amekuja kutoka Singida mjini kumsaidia kuuguza.

"Mama yako ametutangulia," akasema.

Mwanaidi alilia, na baba yake akamwacha alie. Alipomaliza kilio cha kwanza akashika simu kumpigia kaka yake Hussein, anayechimba dhahabu kule Sekenke, na Hussein akasema anatoka saa hiyo hiyo. Sultani mwenyewe alichukua kofia yake akaenda msikitini. Baada ya swala muadhini akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Mama Mwanaidi amefariki, na wanaume wakakubaliana pale pale barazani: mazishi baada ya Adhuhuri, maana hakuna sababu ya kumchelewesha maiti na Hussein atakuwa ameshafika.

Siku hizi mambo ni mepesi, jamani. Kipaza sauti, ujumbe kwenye kikundi cha simu, na mpaka Sekenke wanajua kabla uji haujachemka. Zamani Sultani mwenyewe ndiye aliyekuwa mpeleka misiba wa Ihanja, kwa sababu alikuwa na baiskeli nzima. Mtu akifa anaitwa, anapanda, anakanyaga dhidi ya upepo ule wetu wa Singida unaokurudisha nyuma kama una deni nawe, anafika kwa watu midomo imepauka vumbi na hana haja ya kusema kitu. Wakimwona tu wanajifunga vitambaa kiunoni. Na hata Mwantum alimpata kupitia msiba. Alitumwa Mtinko kupeleka habari za kifo cha shangazi mmoja, akafika nyumba ambayo siyo, na binti aliyefungua mlango akamsikiliza mpaka mwisho, akampa maji, kisha akamwambia, "Pole sana, lakini huyo shangazi si wetu." Akarudi tena mwezi uliofuata bila msiba wowote. Baba wa binti alipouliza safari hii nani amekufa, Sultani akakosa jibu, na watu wa Mtinko waliicheka hiyo mpaka siku ya harusi.

Basi, nyumba ikajaa. Wanaume wakatandika mikeka nje, mtu akaleta turubai, mwingine viti vya plastiki. Wanawake waliingia ndani na kanga zao, wengine wakaenda moja kwa moja uani kuwasha moto, kwa sababu nyumba yenye msiba haipikwi na wenye msiba. Damiani, jirani na rafiki wa Sultani tangu ujana, akapita na sururu begani akiwaongoza vijana makaburini.

"Mimi Mkatoliki," alimwambia Sultani akimpa mkono, "lakini sururu haijabatizwa. Pole, ndugu yangu. Ila ninyi mnazika upesi! Sisi kwetu saa hizi bado tunatafuta fundi wa jeneza."

"Nenda kachimbe," Sultani akasema, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akatabasamu kidogo.

Aliyeshika usukani wa mambo ya ndani alikuwa Radhia. Kila mwanamke Mwislamu aliyekufa Ihanja na vijiji vya jirani kwa miaka mingi alipita mikononi mwa Radhia, na pembeni ya Radhia, akimimina maji, alikuwepo Mwantum. Wawili hao walikuwa kama chanda na pete. Radhia alikuja na kikapu chake: pamba, kafuri, sabuni, udi, na majani ya mkunazi aliyoyachuma njiani. Akaagiza kitanda cha kamba cha msikitini. Akaagiza shimo lichimbwe katikati ya chumba cha uani, ambacho sakafu yake ni udongo, ili maji yanywee humo chini ya kitanda yasitapakae. Akasimamia shuka zikitundikwa pande zote. Kisha akakaa kwenye jamvi na bafta nyeupe, akaipima kwa ukanda wa kitambaa na kuichana kwa mikono vipande vitano vya mwanamke: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kufunika vyote. Macho yalikuwa mekundu lakini kila kipande kilitoka kimenyooka.

Maji yalipoanza kupata moto akamfuata Sultani, aliyekuwa bado amekaa na mkewe.

"Shemeji, sasa utuachie. Tunataka kumwosha."

"Nimeshajiandaa," Sultani akasema, akakunja mikono ya kanzu. "Maji yasiwe ya moto sana. Nitamwosha mimi."

Kikongwe mmoja kwenye kona akasema "Lo!" na kushika mdomo.

"Utamwosha nani?" Radhia akauliza.

"Mke wangu."

Radhia alivuta pumzi. Hakuwa mtu wa kumkaripia mfiwa. "Shemeji, Mungu akupe subira. Mwantum si mke wako tena. Roho ilipotoka, ndoa ikakatika. Sasa hivi wewe kwake ni mwanamume kama wale walioko nje. Hata kumtazama haifai, seuze kumwosha."

"Jana jioni nilimwogesha."

"Jana alikuwa mkeo."

"Jana nilimwogesha, na juzi, na mwaka juzi! Nilimbeba kwa mikono hii nikamweka kwenye kiti, nikamsugua mgongo, na hakuna aliyekuja kuniambia neno. Leo ndiyo mnaniambia ni mtu baki?"

Sauti ilifika mpaka barabarani. Na Sultani, kwa ule ubishi wake, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango, miguu ndani na mgongo nje, kwamba hatoki. Wanawake wakaguna. Mwanamume anaziba mlango wa maiti wa kike, wapi na wapi! Wazee wawili ikabidi waje wamshike mikono, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakamtoa polepole kama mtoto aliyegoma kwenda kliniki, wakamkalisha mkekani.

Pale mkekani kila mtu alikuwa na neno. Mmoja akasema hiyo ni kazi ya wanawake tangu enzi na enzi. Mwingine akasema yeye binafsi angeona haya. Mzee mmoja mpole akasema babu yake alifundishwa hivyo hivyo, kwamba kifo ni talaka. Sultani alisikiliza, na ule ukali ukaanza kumtoka, kikaja kitu kibaya zaidi, woga. Je, kama ni kweli? Baada ya kumfumba macho alikuwa amemshika mkono muda mrefu. Alimbusu paji la uso. Kama ndoa ilikatika na pumzi, basi alikuwa amekaa gizani akimbusu mwanamke asiye wake, na amemharibia mwenzake siku yake ya mwisho duniani kwa dhambi. Moyo ulimuuma kuliko alfajiri. Akatazama viganja vyake akaona kama vya mtu mwingine.

Mwenye jibu alikuwa Shehe Swedi, imamu wao, na Shehe Swedi alikuwa amelala Mtinko kwenye hitima ya ndugu yake. Sultani akampigia. Mtandao ukakata. Akapiga tena, safari hii akapatikana juu ya bodaboda, upepo unavuma kwenye simu, akaambiwa kuna shauri la kumwosha marehemu.

"Nimeshapata habari, niko njiani!" Shehe akapaza sauti. "Mwambie Radhia anisubiri!"

Radhia akapelekewa ujumbe, akasema atasubiri, lakini maji hayasubiri wala jua halisubiri, na Adhuhuri itaadhiniwa kwa wakati wake. Akaondoa sufuria motoni na kufunika.

Ndipo Sultani akakaa na kungoja, na ukingoja hivyo, yaliyopita yanakujia yenyewe. Alimwona Mwantum wa zamani akiwa amesimama kwenye mashine, kanga imejaa vumbi la maganda ya alizeti, akiwagombeza wateja waliotaka mafuta wakasahau kubeba mashudu yao. Alikumbuka alivyokuwa anaimba. Siku za maulidi, Mwantum na Radhia walikaa mbele, na sauti zao zilikuwa hazitofautishiki mpaka Mwantum apande juu, na akishapanda hakuna wa kumfuata. Mwanamke nadhifu kupindukia, huyo. Hakuwahi kufungua mlango kabla ya kujifunga mtandio vizuri, hata kwa muuza mkaa. Kiharusi kilipomchukua upande mmoja na maneno yake yote, kilichomuumiza hasa ni kuogeshwa. Siku za mwanzo alikuwa anageuza uso ukutani, machozi yanamtoka kimya kimya, na Sultani akawa anamwogesha huku amefumba macho kabisa ili mkewe asione haya. Ilichukua muda. Baadaye alizoea, akawa hata anacheka kidogo kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, Sultani akimwimbia kasida kwa sauti yake mbovu.

Pikipiki ya Shehe Swedi ikaingia uani na vumbi lake. Shehe alishuka, akatoa pole, hata hakukaa. Aliposikia shauri lote akamwomba Radhia asogee mlangoni, nyuma ya pazia, na Sultani asimame upande wa nje, yeye akasimama katikati.

"Radhia, ulichosema hukukitunga," Shehe akaanza. "Wapo wanavyuoni waliosema mume hamwoshi mkewe, na ndivyo wengi walivyorithi kwa bibi zao. Lakini sisi hapa tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwetu mume anaruhusiwa. Mtume alimwambia Bi Aisha kwamba akifa kabla yake, yeye Mtume atamwosha na kumkafini. Na Sayyidna Ali alimwosha Bi Fatuma."

Sultani akaegemea ukuta. "Kwa hiyo alfajiri, nilipomshika mkono..."

"Ulimshika mkono mkeo."

Mzee akalia. Alilia palepale mbele za watu wote, akiwa amesimama, na hakuficha uso. Lakini Shehe alikuwa hajamaliza. "Ila ruhusa si amri, Sultani. Desturi njema ni wanawake wamwoshe mwanamke mwenzao, na Radhia ni mwoshaji wetu. Kwa hiyo hapa hakuna haramu ya upande wowote. Pataneni wenyewe, mimi nakwenda kutia udhu."

Akaondoka! Akawaacha wawili hao na pazia katikati.

"Shemeji," Radhia akasema, na sasa sauti ilikuwa imepasuka, "kama ni halali, ni halali, sibishani na Shehe. Lakini mimi na Mwantum tuliahidiana. Tuliosha wangapi pamoja? Kila tukimaliza tunakaa kwenye kile kigogo kunawa, ananiambia, 'Radhia, nikitangulia unioshe wewe, una mikono laini.' Nami namwambia, 'Nikitangulia mimi, wewe.' Ahadi ya maiti nitaitupa wapi? Mimi naumia, shemeji. Naumia kama wewe."

Sultani alisogea karibu na pazia, akainama, na huyu mtu ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, safari hii alinong'ona, na waliokuwa mkekani hawakusikia hata herufi.

"Ana kidonda mgongoni," alisema. "Cha kulala. Kikubwa. Kingine kiunoni. Na amekwisha, Radhia, amebaki mifupa. Ulipokuwa unakuja kumwona, kabla hujaingia alikuwa ananishika kanzu na ule mkono mzima, ananionyesha mtandio, mpaka nimfunge, nimfunike shingoni, ndipo umkute amekaa kama Mwantum. Wengine hakujali sana. Wewe ndiye hasa hakutaka umwone. Alikuwa amenizoea mimi peke yangu. Namwonea huruma, aje aonwe leo, wakati hawezi hata kushika kanzu yangu."

Radhia amefundisha mabinti wengi kazi hii, na jambo la kwanza analowaambia, kabla ya maji na kafuri, ni sitara: ukiona aibu ya maiti ifunike, usiitoe nje hata kwa mumeo. Akafuta uso kwa kanga.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" akauliza.

"Ningesemaje mbele ya watu?"

"Ingia, shemeji. Nitasimama nje ya shuka, nikuelekeze. Mwanaidi atamimina."

Wakawatoa wanawake wengine wote. Radhia akamfunga Sultani kitambaa kwenye mkono kama glovu, asimguse kwa kiganja kitupu, kisha akatoka akasimama nje ya zile shuka zilizotundikwa, mgongo umewageukia. Mwantum alikuwa juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa tangu kitovuni mpaka magotini. Sultani akatia nia moyoni. Akamwinua kidogo, akapitisha mkono tumboni kwa kumbonyeza taratibu, akamsafisha kwa chini ya shuka, akabadili kitambaa. Akamtawadhisha kama anavyotawadha mtu anayekwenda kuswali: mikono, kinywa na meno kwa ncha ya kitambaa, pua, uso, mikono hadi viwikoni, akapaka maji kichwani, akamwosha miguu. Mwanaidi alimimina na machozi yake yakimiminika pamoja na maji.

"Kichwa sasa, na maji ya mkunazi," Radhia akaelekeza kutoka nje. "Nywele zifumue zote. Haya. Sasa upande wa kulia, tangu shingoni hadi unyayoni."

Sultani akachota maji, akaanza kushoto.

"Baba," Mwanaidi akamwambia taratibu, "upande wa kulia. Wanaanza na wa kulia."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bega la kushoto, lile lililopooza, unalisugua polepole kwa mzunguko. Akalitazama kama hakujua limefikaje hapo.

"Huyu tunaanza kushoto," akasema. "Kushoto ndiko kunakosikia baridi. Nikichelewa kupafikia anatetemeka."

Mwanaidi akaweka kopo chini. Hakuweza kumimina tena. Nje ya shuka Radhia naye alikuwa analia, wala hakujizuia.

"Hakuna kilichoharibika, shemeji," hatimaye Radhia akasema. "Kuanza na upande wa kulia ni sunna, si sharti. Anza tena tu. Hasikii baridi tena, shemeji. Amepumzika."

"Hasikii tena," Sultani akarudia, kama anayejifunza.

Akaanza upande wa kulia. Kisha kushoto, na hata hivyo kushoto alikaa zaidi. Kidonda cha mgongoni alikipitisha maji bila kusugua, akakikausha kwa pamba na kuweka pamba nyingine juu yake. Wakarudia mara ya pili, na ya tatu, ile ya mwisho ikawa na kafuri, na chumba kikanukia. Alipomfuta na kumfunika shuka kavu, Sultani alibaki ameshika zile nywele zilizofumuliwa, nyeupe, laini, hajui la kuzifanya. Zinatakiwa kusukwa mikia mitatu na kulazwa nyuma. Kazi zote alijifunza miaka miwili ile, kupika uji, kufua, kugeuza mgonjwa, lakini kusuka hakuweza.

"Radhia," akaita. "Njoo. Nimemfunika vizuri. Nywele ni zako, na sanda ni yako."

Akatoka upande mmoja wa shuka zilizotundikwa, Radhia akiingia upande mwingine. Radhia alisuka, akamvisha kwa chini ya ile shuka kavu, bila kuifunua, vile vipande vitano vilivyofukizwa udi, akaweka pamba yenye kafuri kwenye paji, viganja, magoti na vidole vya miguu, mahali panapogusa ardhi kwenye sijida. Uso akauacha wazi kwa muda ili watoto waage. Hussein alifika na vumbi la Sekenke bado kwenye nyusi, akaingia, akamwangalia mama yake, akasema tu, "Mama amependeza." Na ni kweli. Mtandio ulikuwa umekaa sawasawa kabisa.

Baada ya Adhuhuri wakamswalia. Shehe Swedi alisimama usawa wa kiuno cha jeneza kama inavyofanywa kwa mwanamke, takbira nne, hakuna kurukuu wala kusujudu. Wanawake wakabaki nyumbani, wanaume wakapokezana jeneza mabegani kwa mwendo wa haraka, kila mtu anataka thawabu ya hatua chache. Damiani alikuwa pembeni ya kaburi, ametota jasho, anajisifu kwamba mwanandani huo, ule upenyo wa ubavuni anapolazwa maiti, umenyooka kuliko ukuta wa nyumba yake. Hakuna aliyembishia, na hilo lenyewe lilikuwa ajabu, maana Sultani alikuwepo.

Wakatandaza shuka juu ya kaburi kumsitiri mwanamke anapoteremshwa. Wanaoshuka ni wale wa karibu. Hussein akaruka ndani, mjomba wake kutoka Mtinko akamfuata, wakawa wanangoja mtu wa tatu. Watu wote wakamtazama Sultani, na Shehe akajisogeza kumpa mkono wa kushukia. Baada ya makelele yale ya asubuhi, nani angedhani atapitwa na hili?

"Baba," Hussein akaita toka chini, "hushuki?"

Sultani alikuwa ameshika pembe ya ile shuka, kwa mikono miwili, akihakikisha upepo hauifunui.

"Shukeni ninyi, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimeshamwogesha."